Uzi: Slaida za besi na trebo, kwa nini mpangilio unaoipendeza singeli unaiharibu taarab?

Mwanamtoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Simu yangu ni ya Android, ikwalaiza yake ina slaida tano: 60Hz, 230Hz, 910Hz, 3.6kHz na 14kHz. Nimeiunganisha kwa waya wa AUX kwenye sabufa, ile ya spika kubwa moja ya inchi 6 na ndogo mbili za pembeni. Kwenye simu 60 iko +10, 230 iko +6, 14k iko +8, na hizo mbili za katikati ziko sifuri. Kwenye sabufa yenyewe kitufe cha besi kipo mwisho, cha trebo kipo nusu.

Singeli ikianza inapendeza, lakini baada ya nyimbo mbili tatu kila kitu kinageuka mvumo mmoja. Ikiingia taarab ya zamani ndiyo kabisa, mwimbaji anasikika kama kafunikwa blanketi na chini yake kuna mngurumo usiokatika. Je, upo mpangilio mmoja unaofaa kote, au kila muziki na wake? Na tatizo ni simu, sabufa au nyimbo zenyewe?

DjMkito

Mkuu, hiyo 14k ipeleke +12 kabisa, ndiko iliko sauti ya mwimbaji. Weka umbo la V: besi juu, trebo juu, katikati chini. Halafu 230 ishushe, uchafu wote unakaa hapo. Singeli bila 60 kupanda haina mshindo.

FundiKoili

DjMkito, kwenye 230 tuko pamoja. Kwenye 14k na kwenye V hapana, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomuumiza Mwanamtoni. Ukiongeza desibeli 10 mahali fulani, unaitaka amplifaya itoe nguvu mara 10 pale pale. Simu imeongeza 10. Kitufe cha besi cha sabufa kikiwa mwisho, kwa kawaida kinaongeza nyingine kama 10. Jumla 20, na 20 siyo mara 20, ni mara 100. Kwa hiyo mdundo ambao ungetosheka na wati 1 sasa unadai wati 100, wakati sabufa ya aina hiyo ina wati 30 au 40 za kweli, hata kama boksi limeandikwa maelfu. Amplifaya ikiishiwa, inalikata wimbi kichwani, linakuwa bapa. Wewe unasikia kukoroma.

Na kabla hata ya kufika kwenye sabufa, simu nayo ina dari lake. Nyimbo za siku hizi zimerekodiwa karibu kabisa na dari hilo. Ukipandisha slaida yoyote bila kushusha sauti ya jumla, wimbi linagonga dari ndani ya simu, na likishakatwa huko hakuna sabufa itakayolirudisha.

Namna ya kujua linakatwa wapi: cheza sehemu yenye mdundo na mwimbaji kwa pamoja, simu iwe kwenye sauti ile ile unayotumia siku zote, kisha punguza kitufe cha sauti cha sabufa mpaka iwe ya chini kabisa. Kukwaruza kukiisha, tatizo lilikuwa amplifaya au spika. Kukibaki pale pale japo sauti ni ndogo, linakatiwa ndani ya simu. Fanya hilo kwanza utujibu.

Kuhusu mvumo unaokuja baada ya nyimbo mbili tatu, hapo ni joto. Koili ya spika ni waya wa shaba, na shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Ikipanda digrii 100, spika inapokea umeme mdogo kuliko mwanzo, mshindo unalegea, nawe unaongeza sauti zaidi ili urudi ulipokuwa. Gusa sehemu ya nyuma ya sabufa baada ya nusu saa, utajua.

Mwanamtoni

Nimefanya jaribio. Nimepunguza sabufa mpaka nasikia kwa mbali, kukwaruza bado kupo, hasa mwimbaji akitamka "s". Kwa hiyo ni simu?

FundiKoili

Ni simu, walau kwa sehemu kubwa. Hiyo "s" inatoka kwenye 14k uliyoipandisha +8 na 60 uliyoipandisha +10, zinagombania nafasi ile ile. Mdundo ukishajaza dari, herufi nyepesi iliyopanda juu yake ndiyo inayokatwa, kwa hiyo unaisikia "s" wakati mkosaji mkubwa ni besi.

Rudisha slaida zote sifuri. Rudisha kitufe cha besi cha sabufa katikati na cha trebo katikati. Sikiliza nyimbo mbili hivyo hivyo bila kugusa. Itaonekana imepooza kwa dakika kumi za mwanzo, sikio limezoea mengi. Baada ya hapo ndipo uanze kushusha. Nasema kushusha, siyo kupandisha: ukitaka besi isikike zaidi, shusha hizo nne nyingine kwa 3, kisha ongeza sauti ya sabufa. Umepata kitu kile kile na simu haijagonga dari.

BiFidla

Niseme kuhusu taarab, maana DjMkito akimpa V atakuwa kaifuta bendi nzima.

Katika taarab ya asili, vyombo vinavyobeba wimbo vyote vinaishi katikati: fidla, kanuni, udi, akodiani, na mwimbaji mwenyewe. Kidole kikigusa uzi wa kanuni kuna ule mpwito mkali wa mwanzo, halafu mlio unafifia. Mpwito uko jirani na 3.6k, mlio wenyewe uko kati ya 230 na 910 na kupanda kidogo. Ukizishusha za katikati unabaki na vumbi la juu na mvumo wa chini, kanuni inakuwa kama mtu anatikisa funguo.

Sauti ya mwimbaji nayo haiko 14k. Maneno yanaeleweka kwenye 2k mpaka 4k hivi. Ukipandisha 3.6k kwa 3 tu mwimbaji anasogea mbele hatua mbili, unasikia kila silabi. Ukipandisha 14k katika rekodi ya zamani unachopandisha ni mshishio wa utepe. Na ukirudi nyuma zaidi, kwenye santuri kama zile alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, juu huko hakuna muziki, ni mkwaruzo wa sindano mtupu. Hapo 14k naishusha mpaka mwisho na sikosi hata noti moja.

Mngurumo wa chini anaousikia Mwanamtoni nao una maelezo. Umeme wetu ni wa 50Hz. Mitambo ya zamani ilikuwa inauvuta mvumo huo na kuuingiza kwenye utepe pamoja na wimbo. Slaida ya 60 imekaa mlango wa pili na 50. Ameipandisha +10, basi ameupandisha umeme wa studio.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa taarab ya utepe: 60 iwe -6, 230 iwe -2, 910 sifuri, 3.6k iwe +3, 14k iwe -4. Na sauti ya jumla ya simu ishuke vituo viwili ili hiyo +3 ipate nafasi.

Kibo_29

Samahani, mimi yangu inaunguruma hata nikiwa nimesimamisha wimbo, hata nikichomoa simu. Nishushe slaida ipi?

FundiKoili

Kibo_29, hiyo siyo ya slaida. Slaida inagusa kinachotoka kwenye simu tu. Kama unachomoa simu na mngurumo upo, unatoka kwenye sabufa: waya wa AUX uliolegea unaoning'inia bila kitu mwisho wake, au kapasita za sehemu ya umeme zimechoka. Chomoa na waya wenyewe upande wa sabufa. Ukinyamaza, badilisha waya. Usiponyamaza, peleka kwa fundi akaangalie zile kapasita kubwa mbili baada ya daraja la dayodi, kama vichwa vimevimba. Usifungue mwenyewe ikiwa imetoka kuzimwa, zinashika umeme.

DjMkito

Sawa BiFidla, kwa taarab ya asili nakubali. Lakini modern taarab ya kinanda na gita la besi? Ile ukishusha 60 kwa 6 umeiua. Na bado sijasikia jibu la singeli.

BiFidla

Kweli, nilichosema ni cha utepe. Taarab ya kinanda imerekodiwa kama bongo fleva, haina mvumo wa umeme. 60 iache sifuri. Tahadhari ni kinanda kinachoiga fidla: kina ukali mwingi kwenye 3.6k tayari, kwa hiyo usiiongeze hiyo. Acha sifuri au shusha 1.

FundiKoili

Singeli sasa. Hapa kosa la watu wengi ni kufikiri kwamba muziki wa vurugu unataka besi nyingi. Angalia mwendo wake. Nyimbo nyingi zinapita mapigo 200 kwa dakika, tuchukue 240. Hayo ni mapigo manne kila sekunde, yaani kati ya pigo na pigo kuna robo sekunde, na katikati ya hapo kuna ngoma nyingine zinajaza. Koni ya inchi 6 iliyo ndani ya boksi lenye tundu haisimami pale pale pigo linapoisha. Inaendelea kutikisika, na hewa ya tunduni inaendelea kuvuma. Ukiwa umeipandisha 60 na 230 kwa pamoja, mkia wa pigo la kwanza unakutana na kichwa cha pigo la pili. Hakuna tena mdundo, kuna mvumo mmoja wenye mawimbi. Ndicho hicho anachokieleza Mwanamtoni.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwenye skrini: slaida siyo ukuta. Ukiipandisha 60 inainua na majirani zake, na 230 vivyo hivyo. Zikipanda zote mbili, pale katikati kwenye 100 na 130 zinajumlishana, unapata kilima ambacho hukukiomba. Na katika sabufa ya aina yako, hapo ndipo spika kubwa inapokabidhi kazi kwa zile ndogo, kwa hiyo zote tatu zinapiga.

Kwa singeli jaribu 60 iwe +2 tu, 230 iwe -5, 910 sifuri, 3.6k iwe -2, 14k sifuri. Ile -5 ya 230 ndiyo inayofanya kazi kubwa, inatenganisha pigo na pigo. Na 3.6k nimeishusha kwa sababu vinanda vya singeli vimeharakishwa mpaka vimepanda juu, vinachoma masikio baada ya muda mfupi.

DjMkito

Kumbe kushusha 230 nilikuwa sahihi.

FundiKoili

Ulikuwa sahihi, tena kwa singeli ndiyo slaida ya kwanza kuigusa. Ila usiipeleke huko kwenye kila wimbo, sauti ya mwanaume ina unene wake papo hapo. Ukiishusha sana kwenye kaswida au kwaya, waimbaji wa sauti nzito wanakuwa wembamba.

MvitaSauti

Hamjambo. Mimi niko Mombasa, natumia simu peke yake bila spika ya nje. Nimeweka 60 juu kabisa, +15, na sioni tofauti isipokuwa sauti nzima imekuwa ndogo. Je, ikwalaiza yangu imeharibika?

FundiKoili

Haijaharibika ndugu yangu. Spika ya simu ni ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, chini ya 300 au 400 hivi haitoi kitu cha maana. Slaida ya 60 inaongeza kitu ambacho spika haiwezi kukisema. Simu nayo, ili isigonge dari wala kuichana hiyo spika, inaishusha sauti yote. Umelipa na hukupewa bidhaa.

Kwa spika ya simu peke yake shusha 60 mpaka mwisho na 230 iwe -3. Utashangaa sauti inakuwa safi na unaweza kuongeza volyumu. Kama unataka kuisikia besi, pandisha 910 kwa 2. Gita la besi lina noti yake ya chini, lakini juu yake kuna mlio wa kidole kwenye uzi, na sikio likiupata huo linaijazia noti ya chini lenyewe.

Lubumbashi_Moja

Hilo la gita la besi ni kweli kabisa kwa rumba. Uzi wa chini wa gita la besi uko kama 41Hz, hata spika nyingi za kubeba mkononi haziufikii, lakini mtu bado anafuata mwendo wa besi kwenye wimbo mzima. Anaufuata kwa milio ya juu yake.

Na nyie mnaotumia V, sikilizeni wimbo wa rumba unapoingia sebene. Magita matatu, solo, mi-solo na akompa, yote yamejazana katikati, kila moja na njia yake. Sikiliza akompa hasa, ile inayorudia rudia nyuma. Shusha 910 kwa 6 uone: solo inabaki kama sindano, akompa inapotea, wimbo unakuwa ngoma na mwimbaji. Kwa rumba mimi naacha katikati kama palivyo, 60 iwe +2 kama spika inaimudu, na 14k +1 kwa ajili ya matoazi. Basi.

Neema_K

Na amapiano kwenye spika ya bluetooth? Ninayo ndogo ya mviringo. Besi ikipiga, sauti ya mwimbaji inazama, halafu inarudi, inazama, inarudi. Kwenye sauti ndogo haifanyi hivyo.

FundiKoili

Dada Neema, hapo kuna mlinzi ndani ya spika. Spika hizo zina chipu inayochunga koni isitoke nje ya mipaka yake. Ile ngoma ya chini ya amapiano, log dramu, ni noti ndefu inayoteleza, inakaa chini kabisa na inadumu. Ikija, mlinzi anashusha sauti yote ili koni ipone, ikiondoka anaiachia. Unasikia wimbo unapumua. Ukiipandisha 60 unamfanya mlinzi ashushe zaidi, kwa hiyo besi haiongezeki, ila mwimbaji na shekere ndio wanaozidi kuzama.

Shusha 60 kwa 4, pandisha 230 kwa 2. Log dramu siyo noti ya chini peke yake, ina ule mgongo kama mtu anagonga gogo, na huo uko juu kidogo ambako spika yako inauweza. Kisha isogeze spika karibu na ukuta, kama sentimita 10. Ukuta unaongeza besi bure bila kumwamsha mlinzi. Na angalia kama spika ina ikwalaiza yake kwenye programu yake, au kitufe cha besi. Kama ipo na umeiwasha huku ya simu nayo imewashwa, unaongeza mara mbili bila kujua. Iache moja tu.

DjMkito

Iachwe ipi? Mimi nasema ya spika, kwa sababu waliotengeneza wanaijua spika yao.

Lubumbashi_Moja

Mimi ya simu, kwa sababu ninaweza kubadili kwa kila muziki. Ya spika ni ile ile kwa simu zote za nyumbani.

FundiKoili

Zote zina hoja. Ya spika mara nyingi inafanya kazi pamoja na yule mlinzi, kwa hiyo haimshtui. Ya simu ina slaida nyingi zaidi. Kama ya spika ina besi na trebo tu, natumia ya simu kwa kushusha. Kama ina tano au zaidi, naanza na ya spika.

Mwanamtoni

Nimerudi na majibu. Nimeweka zote sifuri, kitufe cha besi katikati, kukwaruza kwa "s" kumeisha kabisa. Singeli kwa mpangilio wa Fundi: mapigo yanahesabika, na spika kubwa baada ya nusu saa ina uvuguvugu tu, awali ilikuwa ya moto. Taarab kwa mpangilio wa BiFidla: mngurumo umepungua sana, haujaisha, na kuna wimbo mmoja nimesikia pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza ubeti. Sikuwahi kuijua ipo.

Maswali mawili yamebaki. La kwanza, 14k nikiipandisha au nikiishusha sisikii tofauti kwenye sabufa, ila kwenye hedifoni naisikia. La pili, usiku nikipunguza sauti ili watoto walale, besi inapotea yote na ninatamani kurudisha +10.

FundiKoili

La kwanza: fungua kitambaa cha zile spika ndogo uangalie. Nyingi zina koni moja ya inchi 3, na kile kinachong'aa katikati kama twita ni kifuniko cha plastiki kilichobandikwa. Koni ya namna hiyo inafifia sana kabla ya kufika 14k. Sababu nyingine ni faili. Wimbo wa MP3 wa 128 kbps kwa kawaida umekatwa kwenye 16k, na uliobaki chini kidogo ya hapo umebanwa. Ukiupandisha kwenye hedifoni unasikia matoazi yanalia kama maji yanayochuruzika. Ukiusikia mlio huo, shusha 14k kwa 3 na utafute faili bora.

La pili, hilo ni sikio, siyo sabufa. Sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kwanza. Fletcher na Munson walilipima jambo hili mwaka 1933. Usiku pandisha 60 kwa 4 mpaka 5, amplifaya ina nafasi tele maana sauti ni ndogo. Shusha na sauti ya simu vituo vitatu, uongeze kidogo kwenye sabufa, ili usigonge dari la ndani. Ila asubuhi ukiongeza sauti, kumbuka kuirudisha 60.

BiFidla

Kwa taarab ya utepe usiku, kabla hujaipandisha 60 tafuta kwanza kama mvumo unarudi. Mimi naipandisha 230 kwa 2 badala yake. Inampa mwimbaji mwili bila kuuamsha umeme.

FundiKoili

Kwenye sabufa yake hapo 230 itatoka kwa zile ndogo, sina hakika kama inchi 3 zitampa mwili au zitampa kelele ya boksi. Mwanamtoni, jaribu zote mbili na wimbo ule ule wenye pumzi, uje utuambie ipi ilibaki na pumzi.

Mwanamtoni

Usiku huu najaribu, watoto wakishalala.